Mgonjwa Mmoja, Walinganishi Wangapi?

Kati ya Januari na Juni 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui mashariki mwa Kenya, wagonjwa walifika hospitalini wakiwa na macho ya manjano na ini lililoshindwa kufanya kazi. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Sumu ilikuwa ndani ya mahindi. Ilikuwa aflatoksini, sumukuvu inayotolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus inapoota kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Huwezi kuionja, na kuchemsha ugali hakuiondoi.

Kujua kwamba mahindi yana sumu hakukumaliza kazi. Ukambani karibu kila mtu hula mahindi, na wengi walikula wasiugue. Swali lililobaki lilikuwa hili: nyumba zilizopata wagonjwa zilifanya nini ambacho jirani zao hawakufanya? Wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wakawauliza wote jinsi walivyovuna, walivyohifadhi na walivyokula mahindi yao, kisha wakachukua sampuli za damu na za nafaka. Ripoti yao ilitoka mwaka 2005, na mojawapo ya matokeo ni kwamba wagonjwa walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Uwiano ulikuwa 3.5.

Makala haya yanahusu namba hizo mbili, 40 na 80. Anayepanga uchunguzi wa namna hii huulizwa na kila mtu, kuanzia kamati ya maadili hadi anayetoa fedha: unahitaji wagonjwa wangapi, na kwa kila mgonjwa mmoja utatafuta wazima wangapi wa kulinganisha naye? Hao wa pili nitawaita walinganishi. Jibu hupatikana kwa hesabu ambayo mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifanya, ingawa wengi huiachia kompyuta bila kujua inachokokotoa. Hesabu hiyo ina habari moja njema na moja mbaya kuhusu walinganishi, na nitaifikia mbaya mwishoni.

Kwanza uwiano wenyewe. Tuseme kati ya walinganishi 100, watu 20 walihifadhi mahindi yenye unyevu na 80 hawakufanya hivyo. Gawanya 20 kwa 80, unapata 0.25. Kwa wagonjwa 100, tuseme 43 walihifadhi mahindi yenye unyevu na 57 hawakufanya hivyo. Gawanya, unapata kama 0.75. Sasa gawanya 0.75 kwa 0.25 na jibu ni 3. Huo ndio uwiano wa uwezekano, ambao kwenye fomula huandikwa OR. Ukiwa 1, unyevu hauhusiani na ugonjwa. Kadiri unavyopanda juu ya 1, ndivyo unyevu unavyozidi kushukiwa.

Kwa nini tusiseme tu kwamba asilimia fulani ya waliohifadhi vibaya waliugua? Kwa sababu katika utafiti wa aina hii mchunguzi ndiye aliyeamua kuwe na wagonjwa 40 na wazima 80. Theluthi moja ya watu wake ni wagonjwa kwa sababu amewachagua hivyo, wala si kwa sababu theluthi ya Makueni iliugua. Asilimia ya kuugua haiwezi kupatikana humo. Uwiano wa uwezekano hauvurugwi na uchaguzi huo, ukiwaongeza walinganishi mara kumi unabaki palepale, na ndiyo maana watafiti wa milipuko wanaupenda.

Sasa hesabu. Inataka mambo manne, na matatu kati yake ni maamuzi ya mtafiti.

La kwanza ni uwiano mdogo kabisa ambao hutaki ukuponyoke. Hapa ndipo udanganyifu mwingi hufanyika, hata bila nia mbaya. Mtu ana wagonjwa 40 tayari, basi anatafuta uwiano utakaoifanya hesabu imwambie kuwa 40 wanatosha. Njia halali ni kujiuliza: kihatarishi kikiwa na uzito gani, wizara ya afya itapaswa kubadilisha ushauri wake kwa wakulima? Tuchukue 3.

La pili ni sehemu ya walinganishi walio na kihatarishi, iitwayo p0. Hii si uamuzi. Lazima itoke kwa watu wenyewe, kwa mfano katika uchunguzi mdogo wa kaya chache kabla ya kuanza. Mimi nitatumia asilimia 20. Hiyo ni ya mfano wangu, msiichukue kuwa ndiyo iliyopatikana Makueni.

La tatu ni makosa unayoweza kuyavumilia. Utafiti ni kama mbwa wa getini: anaweza kubweka pasipo mwizi, na anaweza kulala mwizi akipita. Kwa desturi tunakubali kosa la kwanza mara 5 katika 100, na la pili mara 20 katika 100, yaani mbwa awe macho mara 80. Desturi hizo zikigeuzwa kuwa namba za takwimu ni 1.96 na 0.84. Jumla yake ikizidishwa kwa yenyewe inatoa karibu 7.85, ukihesabu na desimali zilizoachwa. Namba hiyo utaiona hapa chini.

La nne ni idadi ya walinganishi kwa kila mgonjwa, iitwayo r. Baada ya hapo kuna mistari mitatu tu:

```
p1 = (OR × p0) / (1 + p0 × (OR − 1))
pm = (p1 + r × p0) / (1 + r)
n  = ((r + 1) / r) × pm × (1 − pm) × 7.85 / (p1 − p0)²
```

Mstari wa kwanza unauliza: ikiwa walinganishi wenye kihatarishi ni asilimia 20 na uwiano ni 3, wagonjwa wenye kihatarishi watakuwa wangapi? Juu ni 3 × 0.20, yaani 0.60. Chini ni 1 + 0.20 × 2, yaani 1.40. Jibu ni 0.4286, ile 43 tuliyoiona. Mstari wa pili unatafuta wastani wa makundi yote mawili yakichanganywa. Mstari wa tatu unatoa idadi ya wagonjwa.

Tuanze na mlinganishi mmoja kwa kila mgonjwa. Wastani ni 0.3143, na ukizidishwa kwa 0.6857 unapata 0.2155. Tofauti kati ya makundi ni 0.2286, na kipeo chake cha pili ni 0.0522. Kwa hiyo 2 × 0.2155 × 7.85 inagawanywa kwa 0.0522, na jibu linakaribia 65. Tunahitaji wagonjwa 65 na walinganishi 65.

Tazama kinachokaa chini ya mstari wa kugawanya: tofauti kati ya makundi, tena katika kipeo cha pili. Hapo ndipo gharama yote ilipo. Ukitaka kugundua uwiano wa 2 badala ya 3, tofauti inashuka kutoka karibu 0.23 hadi 0.13, na wagonjwa wanapanda kutoka 65 hadi 173. Ukitaka uwiano wa 1.5, wanafika 536, zaidi ya wagonjwa wote waliohesabiwa katika mlipuko ule. Kuna madhara ambayo mlipuko mmoja, hata uwe mbaya kiasi gani, hauna watu wa kutosha kuyathibitisha.

Uwiano mkubwa nao hurahisisha mambo kwa kasi ileile. Mfano mashuhuri ni wa Boston, mwaka 1971. Madaktari waliona wasichana wachache wenye saratani ya uke ya aina ambayo ilikuwa haionekani kwa umri wao. Wagonjwa walikuwa 8 tu. Kwa kila mmoja walitafuta walinganishi 4, jumla 32, waliozaliwa karibu siku zilezile katika hospitali ileile. Mama 7 kati ya 8 wa wagonjwa walikuwa wametumia dawa ya homoni iitwayo DES wakiwa wajawazito. Kati ya mama 32 wa walinganishi, hakuna hata mmoja. Tofauti ya namna hiyo haihitaji mamia ya watu. Lakini mtafiti anayetegemea kupata bahati ya Boston anajidanganya, maana vihatarishi vingi havina nguvu hiyo.

Turudi Ukambani tuulize kile ambacho Boston walijibu kwa 4. Mgonjwa wa aflatoksini ni adimu. Wengine wamekwisha kufa, wengine wako mahututi, na wengine wanaishi mbali na barabara. Mlinganishi ni rahisi kumpata: yuko nyumba ya pili. Je, tunaweza kufidia uchache wa wagonjwa kwa wingi wa walinganishi?

Ndiyo, na hii ndiyo habari njema. Katika mfano wetu, walinganishi wakiwa 2 kwa kila mgonjwa, wagonjwa wanaohitajika wanashuka kutoka 65 hadi 46. Wakiwa 3, wanashuka hadi 39. Wakiwa 4, hadi 35. Ingekuwa wagonjwa uliofanikiwa kuwapata ni 40, usingeweza kufanya kazi na mlinganishi mmoja mmoja, lakini kwa watatu watatu ungeweza.

Endelea hatua moja zaidi na uone. Walinganishi 5 wanaleta 33. Walinganishi 10 wanaleta 29. Kutoka 1 hadi 2 uliokoa wagonjwa 19. Kutoka 5 hadi 10 umeokoa 4, na kwa hao 4 umehoji walinganishi 290 badala ya 165. Sababu iko katika kipande cha mwanzo cha mstari wa tatu, (r + 1) / r. Kwa mlinganishi mmoja ni 2, kwa wawili ni 1.5, kwa wanne ni 1.25, na kwa kumi ni 1.1. Kinazidi kushuka lakini hakivuki 1. Ndiyo maana vitabu vya fani hii husema usizidi wanne. Si sheria. Kama walinganishi wako tayari kwenye faili za kompyuta na hawakugharimu kitu, chukua kumi. Kama kila mmoja ni safari ya pikipiki, sindano na kipimo cha maabara, hata wanne ni wengi, na wawili wanaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa.

Kwa wagonjwa 40 na walinganishi 80, na kwa asilimia 20 niliyoikisia, hesabu inasema utafiti ungeweza kugundua uwiano wa kuanzia 3.2 hivi, kwa mbwa aliye macho mara 80 katika 100. Uwiano uliopatikana wa 3.5 uko juu kidogo tu ya hapo. Ndiyo sababu ulikuja na mpaka mpana: takwimu zilisema ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 10.3. Mpaka wa chini uko juu ya 1, basi unyevu ulishikwa. Ila mtu hawezi kusema kama hatari iliongezeka kidogo tu au mara kumi.

Katika ripoti hiyohiyo kuna tokeo jingine linalofundisha zaidi. Kuhifadhi mahindi hayo ndani ya nyumba badala ya ghalani kulitoa uwiano wa 12, na mpaka wake ulikuwa kati ya 1.5 na 95.7. Ukiona mpaka wa namna hiyo, usishangilie ile 12. Upana huo kwa kawaida ni dalili kwamba kisanduku kimoja cha jedwali kina mtu mmoja au wawili, labda wagonjwa waliotumia ghala au kundi jingine dogo. Angehama mtu mmoja tu kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, ile 12 ingekuwa namba nyingine kabisa. Tokeo lina maana, na linaelekeza pale pale panapoelekezwa na unyevu, lakini ukubwa wake si wa kunukuliwa.

Hapo tunaona kwa nini p0 ina uzito. Kihatarishi kikiwa adimu sana au kimeenea sana, visanduku vinabaki vitupu. Kama ni asilimia 2 tu ya walinganishi wenye kihatarishi, uwiano ule wa 3 kwa mlinganishi mmoja mmoja unadai wagonjwa 413 badala ya 65. Kama ni asilimia 90, unadai 241. Watu hulielewa la kwanza na kulisahau la pili. Kuuliza Mkamba kama alikula mahindi mwezi uliopita ni kupoteza hojaji, maana karibu wote watasema ndiyo, wagonjwa na wazima. Swali lenye faida ni lile linalowagawa watu: yalikuwa na unyevu au yalikauka, yalikaa sakafuni au juu ya kichanja.

Kanuni niliyoitoa inafaa walinganishi waliochukuliwa kwa jumla, bila kuoanishwa. Ukimwoanisha kila mgonjwa na mlinganishi wake kwa umri na kijiji, kama Boston walivyooanisha kwa siku na hospitali ya kuzaliwa, kanuni hubadilika. Katika jozi zilizooanishwa, jozi ambayo wote wawili walihifadhi mahindi yenye unyevu haisemi lolote, wala ile ambayo wote walikausha. Zinazozungumza ni zile tu ambazo mmoja alifanya na mwenzake hakufanya. Ukimchukua mlinganishi kutoka kaya ya mgonjwa, wanakula chungu kimoja na mahindi ni ya gunia moja. Umeoanisha hadi umefuta ulichokuja kukitafuta, na hakuna idadi itakayokirudisha.

Wanaotumia programu za Epi Info au OpenEpi watakutana na majibu matatu badala ya moja. La kwanza huitwa Kelsey, na ndilo nililolifanya hapa. La pili ni Fleiss, na la tatu ni Fleiss yenye marekebisho. Kwa mfano wetu wa walinganishi wawili yanatoka 46, 47 na 53. Hakuna iliyokosea. Ya tatu inajihadhari zaidi, na utafiti ukiwa mdogo ningeichukua hiyo. Kisha ongeza watakaokataa kuhojiwa au ambao damu yao itaharibika njiani. Ukitarajia kupoteza mmoja katika kumi, gawanya kwa 0.9, wala usiongeze asilimia kumi kwa mazoea, kwa kuwa majibu hayalingani.

Sasa habari mbaya. Hesabu yote hii inaamini kwamba unajua nani alihifadhi mahindi yenye unyevu. Kwa kweli unamuuliza mtu kuhusu mavuno ya miezi iliyopita, tena baada ya msiba. Tuseme hojaji inawatambua 80 kati ya kila 100 waliohifadhi yenye unyevu, na inawasingizia 10 kati ya kila 100 waliokausha. Hojaji hiyo si mbovu, na nyingi za uwanjani zingefurahi kufikia hapo. Kwa walinganishi, asilimia 20 ya kweli itaonekana kama 24, na kwa wagonjwa, 43 itaonekana kama 40. Uwiano ambao kwa kweli ni 3 utasomeka 2.1.

Weka 0.24 na 0.40 katika mstari wa tatu, walinganishi wawili kwa kila mgonjwa. Wagonjwa wanaohitajika si 46 tena, ni 96. Jaribu kuwafidia kwa walinganishi. Hata ungehoji watu wasio na idadi, ukaingia kila nyumba kutoka Wote hadi Mutomo, wagonjwa hawatashuka chini ya 56. Ukiwa na 40, huwezi kufika.

Kwa hiyo mwenye wagonjwa 40 na fedha zilizobaki za kuhoji walinganishi wengine 40 afanye hesabu tena kabla ya kuzitumia. Kuhama kutoka walinganishi wawili hadi watatu kunampunguzia wagonjwa saba, tena kama majibu yao ni ya kuaminika. Fedha hizohizo zinaweza kununua kifaa cha kupima unyevu wa nafaka na kulipa mtu wa kuchota konzi ya mahindi kwenye kila gunia lililosalia. Wachunguzi wa mwaka 2004 walichukua nafaka na damu, hawakutegemea kumbukumbu peke yake. Katika mahindi ya nyumba za wagonjwa walikuta aflatoksini ya wastani wa sehemu 355 katika kila bilioni, na katika nyumba za walinganishi 44, wakati kiwango kilichoruhusiwa nchini kilikuwa 20.